Pole Si Kazi Kubwa ya Imeili ya Pole

Wasee, nimewahi kukaa ofisini Alhamisi moja jioni nikiangalia mtu mzima, meneja wa kampuni, akiandika imeili moja mara nne. Mara nne kabisa. Na kila alipofuta na kuanza upya, mimi nilikuwa najifunza kitu ambacho miaka minne ya chuo haikuwa imenifunza. Maoni yangu nitayaweka mezani mapema ndio usiseme sikukuambia: ukituma kitu kibaya kwa mteja, neno "samahani" ndilo dogo kuliko yote ndani ya hiyo imeili. Kazi yake kubwa ni ingine kabisa.

Wacha nianze mwanzo.

Nilikuwa kwa atachi, kampuni ndogo ya matangazo pande za Ngong Road. Watu saba, kompyuta tano, chai moja ya saa nne. Meneja wetu tulimwita Madam. Alikuwa amekimbiza kazi ya sacco moja kwa karibu mwezi mzima. Walitaka kampeni ya miezi mitatu mitandaoni, kuvuta vijana wafungue akaunti. Kwa kampuni yetu hiyo ilikuwa mishahara ya kila mtu mpaka mwisho wa mwaka, si utani.

Pendekezo lilikuwa halijaisha. Madam alikuwa amechukua pendekezo la zamani, la mteja mwingine, akakopi na kupesti, akaanza kubadilisha vitu ukurasa kwa ukurasa. Kila mtu hufanya hivyo, hata wewe. Sasa alitaka mzee wa hesabu apitie zile bei kabla ya kutuma. Alikuwa ndani ya matatu, anatoka mkutano mjini, simu mkononi. Akaandika herufi tatu za kwanza za jina la mzee, simu ikajimalizia anwani yenyewe. Bahati mbaya yule mama wa sacco, mkuu wao wa masoko, jina lake lilianza na herufi zile zile tatu. Madam akabonyeza. Faili likaenda: `Pendekezo_Sacco_v3.docx`. Juu yake alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Angalia bei kabla niwatumie hawa watu."

Hawa watu. Na ni hao hao aliowatumia.

Alipofika ofisini ndio akamuuliza mzee, "Mzee, umeangalia?" Mzee akasema, "Kuangalia nini, Madam?" Hapo uso wake ulibadilika kwa njia ambayo sitaisahau.

Robo saa ya kwanza ilipotea bure. Wote tulikuwa tunajaribu kuirudisha imeili, kama mtu anayekimbiza matatu iliyoshaingia haiwei. Mmoja akasema abonyeze Undo Send. Ngoja niwaambie ukweli kuhusu hicho kitufe: hakirudishi kitu. Gmail huwa inaishikilia tu imeili yako kwa sekunde chache kabla ya kuiachilia. Kama hujagusa mipangilio, ni sekunde 5. Unaweza kuiongeza mpaka 30, na hapo ndio mwisho wake. Ikishatoka imetoka. Mwingine akasema kwa Outlook kuna Recall. Ndio iko, lakini hufanya kazi mkiwa ndani ya shirika moja, yule aliyetuma na yule aliyepokea. Mteja yuko shirika lingine. Haimfikii.

Kama Madam angetuma linki ya faili lililoko Google Drive, angeingia na kufunga ruhusa, angalau kuzuia wale ambao hawajafungua. Lakini alituma faili lenyewe. Nakala iko kwao, ni yao. Kwa hivyo maoni yangu ya kwanza: jaribu mara moja, dakika moja, kisha acha. Kila dakika unayotumia kukimbiza faili ni dakika ambayo mteja anaisoma bila neno kutoka kwako.

Sasa swali lililofaa kuulizwa mapema, na ambalo mzee wa hesabu ndiye aliyeuliza: "Madam, ndani mlikuwa na nini?" Akafungua ile nakala yake kwenye kompyuta, tukaipitia wote. Vitu vitatu vilikuwa vibaya.

Ukurasa wa mwisho, bei. Palikuwa pameandikwa 980,000, bila VAT. Hiyo haikuwa bei ya sacco. Ilikuwa bei ya yule mteja wa zamani, imebaki pale kama sahani chafu. Bei ambayo Madam alikuwa anafikiria ilikuwa 1,450,000, na VAT juu.

Ukurasa wa nne, jina la mteja wa zamani. Aya nzima inaongea kuhusu "mkakati wetu kwa" halafu jina la kampuni ingine kabisa. Ukiunganisha na ile bei ya mwisho, mama wa sacco alikuwa amejua kampuni ingine ililipa pesa ngapi.

Na hii ya tatu. Pembeni, kwenye mstari wa gharama ya video, kulikuwa na komenti ya Madam mwenyewe: "Hapa tuongeze 150. Hawajui bei ya video."

Hakuna mtu aliongea. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Naomba ukae na hivi vitu vitatu kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wengi huteleza. Wanaona kosa moja: "nimetuma faili lisiloisha." Kumbe ni makosa matatu tofauti na kila moja linataka dawa yake. Bei inataka kuondolewa mezani. Jina la mteja mwingine linataka kufutwa, na mwenyewe aambiwe. Komenti inataka mtu asimame aseme ni mimi niliandika. Samahani moja ya jumla haiwezi kubeba zote tatu.

Imeili ya kwanza aliyoandika Madam ilikuwa mstari mmoja: "Tafadhali puuza imeili iliyotangulia. Imetumwa kimakosa." Alikuwa na kidole juu ya Send. Mzee akamwambia, "Madam, mimi nikiambiwa nipuuze kitu, hicho ndicho nafungua kwanza." Tukacheka kidogo, kicheko cha mazishi. Lakini mzee alikuwa na pointi zaidi ya hiyo. Huo mstari hauambii mteja afanye nini na faili. Hausemi kama ile 980,000 ni bei ama si bei. Hausemi pendekezo la kweli linakuja lini. Unamwambia tu ajifanye hakuona, na yeye ameshaona.

Imeili ya pili ilikuwa kinyume. Ndefu kama hotuba ya harusi. Samahani tano, nilizihesabu. "Tumesikitishwa sana," "tunathamini sana uhusiano wetu," "hili si kawaida yetu." Halafu katikati, bila kunong'ona, mstari huu: kosa hili limefanywa na kijana wetu aliye kwenye mafunzo.

Kijana aliye kwenye mafunzo ni nani? Ni mimi, bana. Niko hapo hapo, mita mbili kutoka kwa skrini.

Sikusema kitu. Natamani kuwaambia nilisimama na kujitetea, lakini nilikuwa nimebakisha wiki tatu, na fomu yangu ya chuo ilihitaji sahihi yake. Unanyamaza tu. Mzee wa hesabu ndiye aliongea, na aliongea polepole sana: "Madam, imeili imetoka kwa akaunti yako. Jina lako liko juu. Huyu kijana hata paswedi yako hana. Yule mama akiuliza swali moja tu, utakuwa na makosa mawili."

Madam alinyamaza, kisha akafuta yote. Hakuniangalia. Baadaye jioni aliniambia, "Pole kwa ile," nikasema "Ni sawa, Madam." Haikuwa sawa, lakini nadhani nilielewa. Hofu hufanya mtu atafute mtu mdogo wa kumweka mbele. Na hii ninaiona kila mahali, kampuni kubwa zikiharibu, utasikia ni "mfanyakazi wa ngazi ya chini." Mteja huwa haamini. Anachosikia ni kwamba hapa kwenu, hata meneja hana usemi juu ya kinachotoka kwa mlango wake. Hiyo ni habari mbaya zaidi kuliko kosa lenyewe.

Kabla ya imeili ya tatu, alipiga simu. Mara ya kwanza haikushikwa. Mara ya pili mama wa sacco akashika, na Madam akasema moja kwa moja kwamba amemtumia kimakosa rasimu ya ndani, na barua kamili inakuja kwa dakika kumi. Tulimsikia yule mama akijibu, kwa sauti tulivu ya kutisha, "Ndio, nimeiona." Basi. Simu ikakatika.

Watu hubishana kama uombe msamaha kwa simu ama kwa imeili. Mimi naona ni vyote viwili na kwa mpangilio huo. Simu inamfanya asikie binadamu. Imeili ni ya rekodi, kwa sababu yule mama ana bosi wake, na bosi wake hakuwa kwa simu. Hiyo imeili itatumwa mbele kwa watu watatu ambao hawakujui. Iandike ukijua hivyo.

Imeili ya tatu ilikuwa nzuri. Fupi, bei imeondolewa, ameomba faili lifutwe. Lakini haikutaja komenti. Na hapa ndipo mzee na Madam walibadilishana pande, kitu kilichonishangaza. Mzee, yule wa ukweli, akasema usitaje. Pengine alisoma kwa simu, na kwa simu komenti za Word wakati mwingine hazionekani vizuri. Mbona umwonyeshe kidonda ambacho hajaona? Madam akasema hapana. Kesho asubuhi atafungua kwa kompyuta na komenti itakuwa pale pembeni, ina jina langu na saa niliyoandika.

Nimefikiria hii mara nyingi na niko upande wa Madam. Si kwa sababu ya utakatifu. Fikiria yule mama akisoma imeili safi inayoomba msamaha kwa bei na kwa jina la kampuni ingine, kisha afungue faili akute komenti. Hiyo imeili yote inageuka kuwa uongo wa pili. Atajua ulijua, na ukachagua kunyamaza kuhusu ile moja inayomhusu yeye na pesa zake. Ukiomba msamaha kwa vitu vidogo na ukaruka kikubwa, ni afadhali hungeandika.

Nitampa mzee haki yake lakini: kama komenti ingekuwa kitu kisichomhusu mteja, tuseme "rekebisha rangi hapa," hakuna haja ya kuitaja. Kipimo ni kama maneno yenyewe yanamgusa yule anayesoma.

Ya nne ndiyo ilikwenda. Ilikuwa ya Kizungu, kama imeili zote za ofisi zetu, lakini nakumbuka kila sentensi, na kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

"Habari Bi. (jina nimetoa). Leo saa kumi na dakika arobaini nilikutumia faili liitwalo Pendekezo_Sacco_v3. Hiyo ilikuwa rasimu yetu ya ndani na nilikusudia kumtumia mwenzangu. Kosa ni langu, na ninaomba radhi.

Bei ya 980,000 iliyo ukurasa wa mwisho inatokana na kazi ingine na si bei tunayowapa. Tafadhali chukulia kwamba imeondolewa. Ukurasa wa nne una habari za mteja wetu mwingine. Ninaomba ufute faili hilo na nakala zozote zilizotumwa kwa wenzako, na unijulishe likishafutwa. Mteja huyo nitamjulisha mimi mwenyewe.

Kwenye faili kuna pia maoni niliyoandika kuhusu gharama ya video. Niliyaandika mimi, na hayakufaa. Pendekezo kamili litaonyesha gharama ya video kwa kila siku ya kupiga picha, ili uweze kuilinganisha na bei za wengine.

Utalipata kesho kabla ya saa sita mchana. Niko tayari kuja ofisini kwenu kulijadili."

Angalia samahani iko wapi. Moja. Aya ya kwanza, mwishoni. Baada ya hapo ni kazi: ni faili gani, nini si kweli ndani yake, ufanye nini nalo, lile la kweli linakuja lini. Na angalia amelitaja faili kwa jina na saa. Hiyo si urembo. Yule mama anaweza kuwa na faili tatu kutoka kwetu, na hufai kumwacha abahatishe ni gani afute.

Sasa ile sentensi ya bei. Mtu anaweza kusema, si ni wazi tu? Kwani sacco ingetulazimisha kufanya kazi kwa 980,000? Hapa naomba dakika mbili za sheria, na nitakuwa mpole.

Sheria ya mikataba Kenya, ile Cap 23, inasema tunafuata sheria ya kawaida ya Uingereza kuhusu mikataba. Na huko kuna kesi ya mwaka 1939, Hartog dhidi ya Colin & Shields. Wauzaji walikuwa wanauza ngozi za sungura za Argentina, elfu 30. Maongezi yao yote ya awali yalikuwa ya bei kwa kila ngozi, na hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya biashara hiyo. Lakini walipoandika ofa, wakateleza, wakaandika bei kwa ratili. Ratili moja ni kama ngozi tatu, kwa hivyo bei ikawa kama theluthi ya ile waliyotaka. Mnunuzi akarukia, akasema nimekubali. Korti ikamwambia hapana, ulifaa kujua hilo ni kosa, huwezi kulinyakua na kusema ni mkataba.

Sisi tulikuwa na bahati ya ajabu. Imeili yenyewe ilisema "angalia bei kabla niwatumie hawa watu." Hakuna mtu mwenye akili timamu angesoma hiyo aseme hii ni ofa kwangu. Lakini toa huo mstari. Tuseme Madam angetuma faili tupu, na bei iwe 1,280,000, namba ambayo haishangazi mtu. Na mama wa sacco angejibu usiku huo huo "tumekubali." Hapo stori inakuwa ngumu sana, kwa sababu ofa unaweza kuiondoa kabla haijakubaliwa, na kuondoa kwenyewe hakuna nguvu mpaka kumfikie yule mtu. Ndio maana sentensi ya bei haingojei asubuhi. Ukiwa na usingizi, andika hiyo moja kwanza.

Kuhusu yule mteja wa zamani, Madam alimpigia siku iliyofuata. Hakufurahi, na alikuwa na haki, maana mkataba wao ulikuwa na kipengele cha siri. Aliuliza nani ameona, lini, na kama faili limefutwa. Kwa sababu Madam alikuwa amemwomba mama wa sacco athibitishe kufuta, na akathibitisha asubuhi hiyo, alikuwa na jibu. Bila huo uthibitisho angekuwa anasema tu "nadhani."

Ilikuwa jina la kampuni na bei tu, hakuna watu binafsi ndani. Kama ukurasa ule ungekuwa na orodha ya wateja na namba zao za simu, tungekuwa mahali pengine kabisa. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inasema data za watu zikifika kwa asiyefaa na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru, mwenye kuzishika anapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Pole kwa imeili haikutoi hapo.

Na kuna kitu Madam hakuweka kwenye imeili, nilidhani atakiweka: diskaunti. Wengi wetu tukikosea tunakimbilia kupunguza bei, kama mama mboga anayekuongezea nyanya. Lakini fikiria ile komenti. Umeandika unataka kuongeza 150,000 kwa sababu mteja hajui bei, halafu ukishikwa unasema nakupunguzia. Umethibitisha tu kwamba bei zako ni za kubahatisha.

Alichofanya ni kukaa na mzee usiku huo mpaka saa tatu, wakapanga upya. Ile 150,000 ikatoka kwa mstari wa video. Bei ikawa 1,300,000, VAT 208,000, jumla 1,508,000. Kila siku ya kupiga picha imeandikwa: watu wangapi, kamera gani, usafiri, kuhariri. Aliniambia hiyo si diskaunti, ni kutoa kitu ambacho hakikufaa kuwa pale.

Waliitwa sacco Jumanne. Mimi sikuenda, mzee ndiye alinisimulia. Mama wa sacco aliweka lile pendekezo jipya mezani, akauliza swali moja tu: "Kama nisingeona ile komenti, ningelipa ngapi?" Madam akasema, "1,450,000." Mzee anasema hapo alitaka ardhi imeze. Mama akaandika kitu kwa kitabu chake, wakaendelea.

Walipewa kazi, lakini si miezi mitatu. Mwezi mmoja, wa kujaribiwa, na bili ya video ililetwa na risiti. Sijui kama waliongezewa ile miezi mingine, atachi yangu iliisha. Sitawadanganya ati imeili nzuri huokoa kila kitu. Miezi miwili ilipotea, na naona ilikuwa bei halali ya ile komenti.

Mimi nimebaki na tabia mbili. Gmail yangu iko sekunde 30. Kwa kompyuta unabonyeza lile gurudumu juu, See all settings, chini ya General unatafuta Undo Send, unachagua 30, kisha unashuka mpaka chini kabisa na kubonyeza Save Changes. Watu husahau hiyo ya mwisho. Na faili la Word halitoki kwangu kabla sijaingia File, Info, Check for Issues, Inspect Document, nione kama kuna komenti zimejificha. Usidhani kugeuza PDF kunatosha, maana ukihifadhi komenti zikiwa zinaonekana, zinaweza kuingia nazo.

Ile ya tatu ni ya Madam. Siku lile pendekezo kamili lilipokuwa tayari kwenda, aliambatisha faili, akaandika ujumbe, akaacha sehemu ya anwani tupu mpaka mwisho. Kisha akaniita, "Kijana wangu, kuja hapa. Nisomee hii anwani." Nikaisoma, herufi moja moja, kwa sauti, ofisi nzima ikisikiza. Ndipo akatuma.